Usiku wa Ijumaa, Saa Sita ya Wapi?

Ndugu msomaji, siku hizi si nyumba chache za Ufipa zenye mtoto aliye ng'ambo. Huenda wako yuko London, au Maskati, au katika mji wa Marekani ambao jina lake wazee wetu hulitamka kila mmoja kwa namna yake. Zamani mtoto wa namna hiyo alirudi baada ya miaka akiwa na sanduku la zawadi. Leo hangoji safari. Huagiza zawadi katika duka la hapa hapa Sumbawanga, hulipa kwa simu, na duka humfungia mzigo na kuukabidhi kwa gari linaloelekea kijijini. Leo nataka tuzungumze juu ya mstari mmoja tu wa biashara hiyo, nao ni ule unaotaja saa ya mwisho ya kupokea oda.

Saa hiyo haikuwekwa kwa ukali wa mwenye duka. Chanzo chake ni gari. Kwa watu wa mjini mzigo waweza kupelekwa wakati wowote, lakini aliye na mama yake kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Wampembe, hutegemea lori ambalo haliondoki kila siku. Likiondoka asubuhi, kila kitu sharti kiwe kimenunuliwa, kimefungwa na kuandikwa jina usiku uliotangulia. Likishaondoka, hakuna wa kulikimbilia, hasa mwezi wa Desemba, ambapo mvua huifanya njia ya kuteremka kutoka nyanda za juu hadi ziwani iteleze kama sabuni.

Mwezi wa Desemba mwaka 2023 duka moja la hapa mjini liliwatumia wateja wake wa nje tangazo fupi. Liliandikwa hivi: "Mwisho wa kupokea oda za Krismasi ni usiku wa Ijumaa, saa sita kamili." Lori la kuelekea Wampembe lilipangwa kuondoka Jumamosi tarehe 23 Desemba, saa 1 asubuhi. Mwenye duka alikuwa na nia njema. Alikusudia kukesha akifunga mizigo, na aliona kwamba mteja atakayeagiza hadi katikati ya usiku ule bado angemhudumia. Kwake yeye maneno yale yalikuwa wazi kama mchana.

Binti wa dada yangu anaishi Minneapolis, na mama yake anaishi upande ule wa Wampembe niliokwisha kuutaja. Ijumaa ile binti alitoka kazini, akapika, akawalaza watoto, kisha akaketi na simu yake. Saa ya ukutani ilionyesha saa 2 na nusu usiku. Alitazama tangazo, akaona bado ana saa tatu na nusu kabla ya saa sita. Akaagiza blanketi zito, kitenge, mchele, sukari na mafuta ya kupikia, akalipa, akalala kwa amani.

Lakini hapa Sumbawanga haikuwa Ijumaa tena. Majira ya baridi ya huko, saa za Minneapolis ziko nyuma ya zetu kwa saa tisa. Ukizijumlisha na saa 2 na nusu usiku wa Ijumaa utapata saa 11 na nusu alfajiri ya Jumamosi. Mwenye duka, aliyekwisha kufunga mizigo yote usiku kucha, alikuwa amejinyoosha kidogo. Saa 1 asubuhi aliwapakiza wengine. Saa 2 alipofungua simu aliiona oda ya binti yetu, na lori lilikuwa limekwisha kuondoka kwa muda wa saa nzima.

Mzigo ulifika kwa dada yangu tarehe 29 Desemba. Mnaweza kusema kwamba blanketi ni blanketi, hata likifika siku nne baada ya sikukuu. Lakini dada alikuwa ameambiwa na mwanawe, wiki mbili kabla, kwamba mwaka huo atapata kitenge cha kuvaa kanisani siku ya Krismasi. Alivaa cha zamani. Hakulalamika kwa yeyote. Alimwambia jirani tu kwamba pengine mambo yamembana mtoto huko aliko, na kwamba mtu asimdai mwenziwe asichonacho. Maneno hayo yalipomfikia binti kwa njia ya simu alilia, kwa maana fedha alikuwa nayo, nia alikuwa nayo, na kwa hesabu yake hata muda alikuwa nao.

Alinipigia mimi. "Shikamoo mjomba," alisema, "naomba uende dukani ukaniulizie. Nimelipa kabla ya saa sita. Risiti ninayo." Nilikwenda. Mwenye duka, mtu muungwana, alinionyesha simu yake. Ujumbe ule ule ambao kwa binti ulikuwa na alama ya Ijumaa 20:30, kwake ulikuwa na alama ya Jumamosi 05:30. Hapakuwa na mwongo kati yao. Simu huandika saa ya mahali ilipo, si ya mahali ujumbe ulipotoka. Kwa hiyo wawili wakigombana, kila mmoja ana ushahidi mkononi, na ushahidi wote ni wa kweli. Ugomvi wa namna hiyo hauishi kwa kuonyeshana simu. Dawa yake ni kurudi kwenye maneno ya tangazo na kuuliza: saa sita ya wapi?

Nilidhani jambo limekwisha hapo, ila mwenye duka akanisimulia kisa cha pili kilichotokana na tangazo lile lile, nacho kilinishangaza zaidi. Alikuwa na mteja Maskati, kijana aliyezaliwa Ujiji na kuoa huku kwetu, ambaye kila mwaka huwatumia wakwe zake zawadi. Mwaka ule hakuagiza kitu. Alipoulizwa baada ya sikukuu alijibu kwamba tangazo alilisoma Ijumaa asubuhi, akaona muda umekwisha kupita tangu usiku uliotangulia, akanyamaza.

Je, alikosea kusoma? La hasha. Kwa mapokeo ya Waswahili wa pwani, na ya miji kama Ujiji iliyojengwa na desturi hizo, siku huanza jua linapozama. Usiku hutangulia mchana wake. Kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule usiku ambao wengine wetu tungeuita Alhamisi usiku. Redioni nako husikika usemi wa "usiku wa kuamkia Ijumaa", uliobuniwa ili kuondoa shaka hiyo hiyo. Kijana wa Ujiji aliyasoma maneno kama alivyofundishwa na mama yake. Binti yetu aliyasoma kama saa yake ya ukutani ilivyomwambia. Mwenye duka aliyaandika kama yalivyomjia. Sentensi moja ikawa na mwisho wa namna tatu, na kati ya mwisho wa kwanza na wa tatu pana tofauti ya saa zaidi ya thelathini.

Mwenye duka aliniomba nimsaidie kuliandika upya, kwa kuwa nilipata kuwa mwalimu. Nilikubali, na kazi niliyoidhania ni ya dakika kumi ikanichukua siku kadhaa. Ningependa kuwaeleza tulivyokwenda hatua kwa hatua, kwa maana si wenye maduka tu wanaoihitaji. Yeyote anayemwambia mtoto wake aliye mbali "tuma kabla ya Ijumaa" ametoa tangazo la namna hiyo hiyo.

Jambo la kwanza lilikuwa kuchagua saa ya nchi moja na kuitaja. Sisi watu wa Ufipa hatuna haja ya kufundishwa kwamba saa hubadilika, kwani jirani yetu Zambia yuko nyuma yetu kwa saa moja. Anayevuka Kasesya kwenda Mbala, au anayevuka barabara Tunduma na kuingia Nakonde, hurudisha saa yake nyuma bila kushangaa. Lakini atakayeagana na mtu wa Nakonde hukumbuka kuuliza, "Saa za kwenu au za kwetu?" Swali hilo ndilo lililokosekana katika tangazo. Mashirika ya utangazaji ya nje yanayotangaza kwa Kiswahili yamekuwa yakilijibu kwa miaka mingi kwa maneno machache, "saa za Afrika Mashariki". Nasi tukaandika "kwa saa za Tanzania". Saa yetu inafaa kuwa msingi kwa sababu mbili. Lori linaondoka kwa saa hiyo, na tena saa yetu haisogezwi mwaka mzima, tofauti na za Ulaya na Marekani.

Jambo la pili lilikuwa kuikimbia saa sita ya usiku. Ni saa mbaya kuliko zote kuweka mwisho wa kitu chochote, kwa sababu ndipo tarehe inapogeuka, na mtu hajui kama saa hiyo ni mali ya siku inayokwisha au ya siku inayoanza. Katika simu huonekana kama 00:00 au 12:00 AM ya siku mpya, hali midomoni mwetu ni usiku wa siku ya jana. Mwisho ukiwekwa mchana, siku yenyewe haina mashaka. Hakuna mtu wa Ujiji, wa Sumbawanga wala wa Minneapolis atakayeuliza Ijumaa alasiri ni ya siku gani.

Tulijaribu pia kuandika "kabla ya jua kuzama", maneno mazuri yanayopendeza sikio. Tuliyaacha. Sumbawanga iko magharibi mno kwa saa tunayoitumia, na jua letu huchelewa nusu saa hivi nyuma ya lile la Dar es Salaam. Wiki ya Krismasi hapa kwetu jua huzama saa 1 usiku imekwisha kupita. Kama hata ndugu wa Dar es Salaam na ndugu wa Sumbawanga hawazami jua pamoja, tutamwambiaje aliye Minneapolis, ambako mwezi wa Desemba giza huingia mapema alasiri inapoishia? Neno "jioni" likiwa peke yake lina udhaifu huo huo.

Jambo la tatu ni hesabu yetu ya saa. Sisi huanza kuhesabu asubuhi kunapopambazuka, na saa 1 yetu ni 07:00 ya simu. Aliyekulia hapa hugeuza bila kufikiri, kwa kuongeza au kutoa sita. Lakini wajukuu waliozaliwa ng'ambo, wanaojua Kiswahili cha kuombea maji na kusalimia bibi, wakisoma "saa 10" huona 10:00. Siku hizi wao ndio wanaowashikia mama zao simu. Kosa la hapo ni la saa sita kamili. Kwa hiyo kila tulipoandika saa ya Kiswahili tulitaja sehemu ya siku, yaani alasiri, asubuhi au mchana, kisha tukaweka kando yake tarakimu za simu katika mfumo wa saa 24. Saa 10 alasiri ikafuatwa na 16:00. Mwenye mazoea ya kwanza asome ya kwanza, mwenye mazoea ya pili asome ya pili, na wote wafike pamoja.

Tarehe nayo tuliiandika kwa jina la mwezi. Wamarekani hutanguliza mwezi kisha siku, na mtu aliyekaa huko muda mrefu akiona 10/12 aweza kuisoma kuwa tarehe 12 Oktoba, hali sisi tulikusudia tarehe 10 Desemba. Neno "Desemba" halina kinyume chake.

Jambo la nne lilitutaabisha zaidi, nalo ni kusema ni kitu gani hasa kinachotakiwa kiwe kimetokea kabla ya saa hiyo. Kuandika orodha ya vitu ni jambo moja, kutuma fedha ni jingine, na fedha kuonekana katika simu ya duka ni la tatu. Fedha iliyotumwa kupitia benki Ijumaa huenda isionekane hadi Jumatatu, na mwenye duka mdogo hana mtaji wa kununulia kila mteja kwa mkopo. Tuliamua kuchagua tukio ambalo duka linaweza kuliona na mteja anaweza kulithibitisha. Oda ikawa imefika pale malipo yanapoonekana na duka linapomjibu mteja kwa neno "Tumepokea". Asiyepata jibu hilo anajua kwamba oda yake bado, na anaweza kupiga simu badala ya kulala kwa amani isiyo na msingi.

Baada ya hayo ndipo tulipochagua saa yenyewe, nasi tuliihesabu kwa kurudi nyuma kutoka kwenye lori. Mwaka 2024 lori lilipangwa kuondoka Jumamosi tarehe 21 Desemba, saa 1 asubuhi. Kufunga na kuandika majina huchukua usiku wa manane. Kununua mchele na vitu vya sokoni kwahitaji sokoni kuwe bado kuna watu, nayo huchukua saa mbili au tatu. Basi oda ya mwisho sharti iwe mkononi Ijumaa saa 10 alasiri. Mwenye duka alinung'unika kidogo, akiona anawanyang'anya wateja saa nane. Nikamwuliza mwaka uliopita ni oda ngapi alizozipokea kati ya saa 10 alasiri na saa 6 usiku, ambazo aliweza kuzinunulia kila kitu. Akacheka, akakubali.

Hatimaye tukawahesabia wateja wenyewe. Kumwambia mtu "kwa saa za Tanzania" ni kweli, lakini ni kumpa kazi ya hesabu mtu aliyechoka. Maskati iko mbele yetu kwa saa moja mwaka mzima, kwa hiyo 16:00 yetu ni 17:00 yake. London mwezi wa Desemba iko nyuma kwa saa tatu, hivyo ni 13:00. Minneapolis, nyuma kwa saa tisa, ni 07:00 ya Ijumaa hiyo hiyo. Hapo ndipo tulipoona ubaya uliokuwa umejificha. Kwa binti yetu, Ijumaa yote kwa hakika haimo. Akiamka saa 1 asubuhi muda umekwisha. Ukimwambia "mwisho Ijumaa", hata ukitaja saa sawasawa, akili yake itahifadhi neno Ijumaa na kusahau saa. Kwake yeye siku ya mwisho iliyo ya kweli ni Alhamisi, na sharti aambiwe hivyo kwa maneno.

Tangazo likatoka hivi:

"Oda za Krismasi 2024, gari la Wampembe. Mwisho ni Ijumaa tarehe 20 Desemba 2024, saa 10 kamili alasiri kwa saa za Tanzania (16:00). Wakati huo Maskati ni Ijumaa saa 11 jioni (17:00), London ni Ijumaa saa 7 mchana (13:00), Minneapolis ni Ijumaa saa 1 asubuhi (07:00). Mlio Marekani, agizeni Alhamisi tarehe 19 kabla ya kulala. Oda imefika ukipata jibu letu, Tumepokea. Itakayofika baada ya hapo haitawahi Krismasi. Tutakuuliza kwanza kama isafiri na gari linalofuata au urudishiwe fedha."

Ni refu kuliko lile la kwanza, na mwenye duka alihofu kwamba hakuna atakayelisoma. Tulilijaribu kabla ya kulituma. Tuliwapa watu watatu, mzee mmoja, msichana wa sekondari na kijana mwenye ndugu Uingereza, kila mmoja peke yake. Tukamwomba kila mmoja aandike kwenye karatasi siku, tarehe na saa ya mwisho ya mtu aliye Minneapolis, na pia nini kitatokea akichelewa. Karatasi zote tatu zilifanana. Kisha, kwa kutaka kujua, tukawapa lile la mwaka 2023. Karatasi tatu zikaleta majibu matatu. Sijui kipimo kilicho rahisi zaidi ya hicho. Maneno ambayo watu watatu wenye akili wanayasoma kwa namna tatu si maneno ya kumpa mtu ambaye huwezi kumwita arudi umweleze.

Sina budi kuonya juu ya mpaka mmoja wa kazi hii. Saa zile za miji mingine ni za tarehe ile tu. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Uingereza na Ulaya husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo London huwa nyuma yetu kwa saa mbili majira ya joto na tatu majira ya baridi, na Minneapolis nane au tisa. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa tarehe 31 Machi, ndiyo siku yenyewe ambayo Uingereza ilisogeza saa zake. Aliyeahidiana na mwanawe wa London Ijumaa Kuu, akihesabu saa tatu, Jumapili ya Pasaka alikuta zimebaki mbili.

Hatari kubwa ni ya Novemba. Chukua mwenye duka aliyeandika tangazo zuri la kipaimara mwezi wa Oktoba, ambamo 16:00 yetu ni 08:00 ya Minneapolis. Desemba akilinakili na kubadili tarehe tu, tangazo litasema 08:00 hali saa ya kweli ni 07:00. Mteja atakayeagiza 07:30, akiamini ana nusu saa mkononi, atakuwa amechelewa kwa nusu saa. Kosa la Machi lina huruma, kwa kuwa humharakisha mteja bure, lakini la Novemba humchelewesha. Basi usinakili. Kila msimu andika upya, na kabla ya kutuma mpigie mteja mmoja wa kila mji umwulize, "Hapo kwenu sasa ni saa ngapi?" Linganisha na saa yako ya ukutani. Jibu lake ni hakika kuliko jedwali lolote.

Desemba ile ya 2024 oda ya binti yetu ilifika Alhamisi, naye alipata neno lake "Tumepokea" kabla ya kulala. Kijana wa Maskati aliagiza Ijumaa mchana. Oda mbili zilichelewa, moja kwa dakika ishirini, na hakuna aliyegombana, kwa kuwa wote walijua wamechelewa kabla ya kuambiwa. Mmoja alichagua gari linalofuata, mwingine alirudishiwa fedha yake akawatumia wazazi wake moja kwa moja.

Nawe msomaji ambaye huna duka, ila una mtoto ng'ambo na harusi au ubatizo nyumbani, fanya vivyo hivyo kwa kiasi chako. Usimwandikie "kesho", kwa maana kesho yako huenda ni leo yake. Usimwandikie "usiku wa Ijumaa". Mwandikie jina la siku, tarehe, jina la mwezi, saa ya mchana kwa saa za Tanzania pamoja na tarakimu za simu, kisha umwombe akuandikie saa hiyo kwake itakuwa ngapi. Akikujibu, soma jibu lake kwa makini kabla hujaweka simu chini. Ikiwa hesabu zenu hazifanani, mna nafasi ya kusahihishana wakati lori bado limeegeshwa.